Uji wa Ijumaa

Kila nikisikia harufu ya uji wa wimbi ukichemka, mimi huondoka jikoni. Mke wangu hufikiri siupendi. Ukweli nitawaambia nyinyi.

Nilikuwa darasa la saba, Elburgon, ambako baridi ya asubuhi hukufanya ushindwe kushika kalamu. Tulikuwa na serikali ya wanafunzi yenye uchaguzi kamili: kampeni, kura ya siri, mawakala wakichunga karatasi zikihesabiwa mbele ya Mwalimu Kirui, mlezi wetu. Mimi niliahidi uji moto kila Ijumaa. Jameni, nilivyoshangiliwa! Bei ya unga sikuwa hata nimeuliza. Nikawa rais, na Njeri, tuliyekaa naye dawati moja, akawa mweka hazina.

Siku ya bajeti Njeri alifungua daftari lake. Shule ilitupa elfu kumi na mbili kwa muhula. Mipira na sabuni zilikuwa na fungu lao, sodo za dharura za wasichana fungu lao, na zilizobaki bila kazi zilikuwa elfu nne. Kuni tulipata bure, mabanzi ya kiwanda cha mbao, lakini unga na sukari vilimeza elfu moja kila Ijumaa. Ijumaa ya nne ikapita, tukawa hatuna kitu.

Ningesimama paredini, mbele ya shule nzima, niseme nimeshindwa, yangeisha. Niliona haya. Nikaita kikao, nikapendekeza pesa za sodo zihamie kwa uji.

"Na msichana akihitaji?" Njeri aliuliza.

"Ni wiki chache tu," nilimjibu.

Mikono iliinuka yote isipokuwa wake. Mwalimu Kirui alituuliza mara mbili kama tuna hakika, akasema tutajibu wenyewe, akatia sahihi.

Ijumaa hiyo nilimpakulia Njeri kikombe kwa mkono wangu. Jumanne, katikati ya hisabati, alitoka mbio kwenda ofisini, akakuta kabati la sodo tupu. Aliporudi kuchukua begi, wavulana wa nyuma waliona sketi yake, wakaangua kicheko. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu wengine walicheka. Alifunga sweta kiunoni akaenda. Hakurudi tena. Tulisikia amepelekwa kwa shangazi yake, Molo.

Mwisho wa muhula hesabu zilisomwa paredini, kama ilivyo desturi, na kwa kuwa mweka hazina hakuwepo nilizisoma mimi, kutoka daftari lake. Kwenye sodo palikuwa na sufuri, na chini yake, kwa penseli: "Zimehamishwa kwa uji. Mimi sikukubali." Nilisoma hata hilo. Nilidhani watanizomea. Hakuna aliyesikiliza, ilikuwa Ijumaa, na sufuria ilikuwa jikoni.

Sasa binti yangu amefika umri ule. Juzi alivua sweta akalifunga kiunoni, joto tu lilikuwa limemzidi, nami nikatoka nje nikalia. Njeri sijawahi kumwomba msamaha.