Kisa cha Kaunta Kilichosimuliwa Mara Mbili

Hasira za Pilipili si za kutafuta, zinamjia zenyewe. Jina hilo walimpa wateja wa duka la dawa alikofanya kazi, na wala hawakumwonea. Mtu akija pale kaunta akasema, "Nipe vile vidonge vyekundu alivyomeza jirani yangu," Pilipili alikuwa anamtazama kwanza toka kichwani mpaka kwenye kandambili, kisha anamuuliza kama na maradhi yake ni ya jirani. Kazi yake ya ufundi sanifu wa dawa aliijua na aliipenda, ila watu, jamani, watu ndio waliokuwa wanamchosha.

Mwenzake pale dukani alikuwa Kicheko. Huyu naye jina lake lilimkaa. Mteja aingie amenuna, atatoka anatabasamu. Walikuwa wawili tu kaunta, chanda na pete, mmoja akihesabu vidonge mwingine anaandika lebo, na mfamasia mwenye duka alikuwa anapita asubuhi na jioni kukagua. Sasa mwenye duka kachoka, kauza jengo, mwisho wa mwezi mlango unafungwa. Na katika mji ule mzima nafasi ilikuwa moja tu, kwenye dirisha la dawa la hospitali kubwa. Wote wawili wakaomba, na wote wawili wakaitwa kwenye usaili siku moja.

Mtu mwingine angenyamaza ajiandae peke yake. Pilipili, pamoja na ukali wote ule, ndiye aliyemwita shoga yake waje wajiandae pamoja nyumbani kwake. Mume wake, fundi friji, alimuuliza tangu lini mtu akamnolea mwenzake kisu cha kugombania mfupa mmoja. Pilipili akamwambia akae kimya, akae pale kwenye kiti, leo yeye ni mteja msumbufu.

Na shemeji mtu alijua kusumbua! Aligonga meza, akadai antibiotiki bila cheti cha daktari, akasema anamjua mwenye duka, akasema dada wa duka la ng'ambo huwa anampa bila maneno. Kicheko alimjibu kwa upole mpaka fundi friji akasahau anadai nini. Zamu ya Pilipili ilipofika, hazikupita sentensi tatu mume wake akawa ametishiwa kufukuzwa kwenye nyumba yake mwenyewe. Wakacheka mpaka wakalia.

Kicheko akamfundisha. Kwanza umwache mtu amalize, hata kama anasema upuuzi. Kisha rudia alichosema, ajue umemsikia. Shusha sauti yako, yake itashuka yenyewe. Usimwambie "haiwezekani" ukaishia hapo. Mwambie kwa nini, halafu mwambie kinachowezekana: amwone daktari, au aongee na mfamasia. Akitukana, usirudishe, mwite mkubwa wako. Pilipili alirudia maneno hayo kama mtoto anayekariri, amebana meno.

Kwenye usahihi wa kutoa dawa, mwalimu alikuwa Pilipili. Alimwambia Kicheko asiende kusema "mimi huwa makini," maana hata aliyeua mtu husema hivyo. Aeleze anachokifanya kwa mikono. Unasoma cheti, kama hukielewi hubahatishi alichotaka daktari, unauliza. Unasoma boksi unapolitoa rafuni, unalisoma tena unapohesabu, unalisoma mara ya tatu unapolirudisha. Mwenzako anakagua kabla dawa haijatoka. Unamuuliza mgonjwa jina lake, humtajii wewe akaitikia tu. Na mwisho unamwomba akuambie atakavyomeza, kwa maneno yake.

Ndipo likaja swali la ushirikiano kazini. Eleza siku ambayo mwenzako alikosea na ulifanya nini. Pilipili akasimulia. Mwaka uliopita mwenzake alitaka kutoa vidonge vya mwasho kwa mtoto wa shule, akachukua boksi la vidonge vya kushusha sukari. Kiwanda kimoja, boksi jeupe lenye mstari wa buluu, maboksi mawili yamekaa bega kwa bega rafuni. Mtoto asiye na kisukari akimeza vile, sukari inaporomoka, anaweza kuzimia asiamke. Yeye akalisoma boksi wakati wa kulirudisha, akagundua, dawa ikabadilishwa palepale kaunta. Hakumwaibisha mwenzake, na baadaye akayatenganisha maboksi yale, moja juu, moja chini.

Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Mwenzake huyo alikuwa amekaa mbele yake. Siku ile Kicheko alikuwa ametoka kumzika baba yake, karudi kazini macho yamevimba. Akamshika Pilipili mkono, akamwambia jibu hilo ni dhahabu.

Siku ya usaili wakakaa kwenye benchi la ukuta wa rangi ya krimu, chini ya feni iliyokuwa inazunguka bila kuleta upepo. Kicheko akaitwa wa kwanza. Akakaa ndani muda mrefu, na kupitia mlangoni kikasikika kicheko cha watu zaidi ya mmoja. Alipotoka akamkonyeza shoga yake, akamwambia maswali ni yaleyale, asiwe na wasiwasi.

Ndani walikuwa watatu: mfamasia mkuu, mama wa makamo asiyetabasamu ovyo; muuguzi mkuu; na ofisa utumishi aliyekuwa anabonyeza kalamu yake bila kuchoka. Usahihi ulipita vizuri. Mteja msumbufu akapita, Pilipili akisikia sauti ya Kicheko ikitoka kinywani mwake. Wakafika kwa mwenzako aliyekosea. Akaanza. Alipofika kwenye boksi jeupe lenye mstari wa buluu, ile kalamu ikaacha kubonyezwa. Muuguzi mkuu akamtazama mfamasia.

Mfamasia mkuu akamwacha amalize. Kisha akasema taratibu kwamba kisa hicho wamekisikia asubuhi hiyohiyo, duka lilelile, boksi lilelile, ila aliyekosea na aliyegundua wamebadilishana viti.

Yaani! Pilipili alihisi masikio yanawaka. Yuleyule aliyemlia begani! Mtu umekula naye, umemnolea ulimi sebuleni kwako, mumeo kajifanya kichekesho kwa ajili yake, halafu anaingia hapa anakuvisha kosa lake kama kanga ya kuazima. Asante ya punda ni mateke, wahenga hawakukosea. Alitaka kusimama, afungue ule mlango, amburute Kicheko mpaka mbele ya meza. Akaishusha mikono mapajani. Akaifumbata. Mwache mtu amalize, alijiambia. Shusha sauti.

"Sitaki kujua nani mwongo," mfamasia mkuu akasema. "Nataka kujua kitu kimoja. Hiyo dawa ilifika wapi kabla hamjaibadilisha?"

Swali hilo hawakulifanyia mazoezi, na Kicheko bila shaka alilijibu kwa moyo mweupe kabisa: kaunta. Maana ndivyo alivyoambiwa.

Ukweli ulikuwa mwingine. Pilipili alipoligundua lile boksi, mama na mtoto wake walikuwa wameshatoka. Kicheko alikuwa stoo, anajifuta machozi. Pilipili alitoka mbio na koti lake jeupe, akavuka barabara gari likimpigia honi, akawakuta mbele ya kibanda cha vinywaji. Mama ameshafungua chupa ya maji, kidonge kiko kwenye kiganja cha mtoto. Akakichukua, akaichukua na pakiti yote, akawarudisha dukani, akawaomba radhi, akawapa dawa iliyo sahihi. Kicheko alipotoka stoo na kuuliza kulikoni, Pilipili akamwangalia yale macho na kusema, "Boksi lilikuwa siyo, nimewahi hapahapa kaunta." Na mwenye duka alipokuja jioni, hakumwambia kitu.

Kwa hiyo uongo wa Kicheko ulikuwa msafi kuliko ukweli wa Pilipili. Akishika la kaunta, ni neno lake dhidi ya neno la mwenzake. Akisema la barabarani, anajitangaza mwenyewe kuwa dawa iliwatoka mikononi na yeye akaficha. Kazi ndiyo hiyo inaondoka. Lakini hasira ilikuwa imempanda mpaka hakuweza kuvumilia kukiona kile kidonge kwenye kiganja cha mtoto kikigeuzwa hadithi ya kuchekea na wasaili.

"Ilitoka nje, mama," akasema. "Ilifika mkononi mwa mtoto." Akawaeleza yote. Muuguzi mkuu akauliza aliripoti kwa nani. Hakuripoti. Mfamasia mkuu akauliza, na huyo mwenzake aliambiwa nini? Aliambiwa kaunta. Mpaka leo? Mpaka leo.

Mfamasia akaandika. Akamwambia kuficha vile lilikuwa kosa kubwa, na kwake mtu akificha mara moja anaondoka siku hiyohiyo. Pilipili akaitikia. Akatoka anajua amekosa kazi, akakaa mwisho kabisa wa benchi, mbali na Kicheko.

Mchana ofisa utumishi akatoka na kalamu yake. Akawashukuru wote waliokuja, akasema wengine wanaweza kwenda. Akamwomba Pilipili abaki, akamnong'oneza kwamba mfamasia mkuu anamtaka yule aliyejisema mwenyewe.

Kicheko akaruka, akamkumbatia. Akacheka kile kicheko chake, akasema hongera dada, si nilikwambia, mimi na wewe ni kitu kimoja, riziki yako ni yangu. Pilipili akaiondoa mikono yake shingoni, mmoja, halafu wa pili.

"Ile dawa ilitoka," akamwambia.

Kicheko hakuelewa.

"Vidonge vya sukari. Ulivitoa, vikavuka barabara. Nilikidaka kidonge mkononi mwa mtoto, mama yake ameshika maji. Hicho ndicho ulichoenda kunivisha mimi."

Kicheko akakaa. Rangi yote ilimtoka usoni. Akauliza kama mtoto alikuwa amemeza kingine kabla ya hicho, na Pilipili akasema hapana. Akauliza tena. Hapana.

"Mwaka mzima nimetoa dawa nikijua sijawahi kufika huko," Kicheko akasema. "Mwaka mzima. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuonea huruma. Ulikuwa umetoka msibani."

"Na leo je?"

"Leo umeniudhi."

Kicheko akamwangalia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta.

"Kwa hiyo mpaka nikuibie ndipo uniambie ukweli."

Pilipili alifungua mdomo amjibu, maana jibu huwa halimpotei. Ofisa utumishi akamwita kwa mara ya pili, wanamsubiri ndani. Akasimama pale katikati ya benchi na mlango, hasira ingali imemjaa tele, na hakujua tena aielekeze kwa nani.