Jina Juu ya Simenti

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika studio ya picha mjini Jinja. Nilijiona bingwa. Watu walileta picha zilizochanika na mimi nikazirudisha zikiwa nzima, na sifa zikanilevya.

Siku moja akaja askari magereza, mtu wa Mbale, na picha ya kaburi. Bamba la simenti lilisimama kwenye shamba la migomba chini ya mlima Wanale. Mpiga picha alisimama kando, kwa hiyo upande mmoja wa bamba ulionekana mrefu na ule wa mbali mfupi. Jina lilikuwa limechorwa kwa msumari simenti ikiwa mbichi.

"Hii ni kaburi ya baba yangu," alisema. "Fundi aliandika jina mbaya, ya ndugu yetu ingine. Sasa udongo ya mlima imeshuka, imefunika yote. Picha ndiyo imebaki. Weka jina ya mzee."

"Sawa, afande," nikasema.

Nilijua. Fundi hukosea herufi, hakosei jina zima. Lakini kazi ilikuwa ngumu, nami nilipenda ugumu kuliko nilivyopenda kuuliza.

Jaribio la kwanza liliniaibisha. Niliandika jina na kulilaza mshazari, lakini herufi za mwisho zikabaki kubwa sawa na za kwanza, na jina zima likaelea juu ya bamba kama karatasi iliyobandikwa. Nikaanza upya. Nilikoroga simenti kwenye sinia, nikachora jina jipya kwa msumari, mwanga ukitoka kushoto kama kwenye picha yake, nikalipiga picha nikiwa nimelikabili uso kwa uso. Kwenye kompyuta nilifuta jina la zamani kwa vipande vya simenti tupu vilivyonakiliwa kutoka palepale kwenye bamba. Kisha nikashika pembe nne za picha ya sinia, nikazivuta moja moja mpaka zikakaa juu ya pembe nne za bamba. Herufi za mbali zikapungua, zikasogeleana, mistari ikakimbilia kule kule ilikokimbilia kingo za bamba. Mwisho nikaififisha kidogo, ifanane na ukungu wa picha ya asili. Nilipiga makofi peke yangu mle chumbani. Askari akachukua nakala mbili, nyuma zikiwa na muhuri wa studio yetu, akashukuru sana.

Miezi ilipita. Akaingia mama mmoja anayeuza samaki wakavu kule Masese ziwani, nguo zake zikinuka moshi. Alikuwa na nakala moja ya picha ile niliyoitengeneza. Akaigeuza, akanionyesha muhuri.

"Mwanangu, hii ni ya hapa?"

Nikasema ndiyo. 

Akanieleza polepole. Kaburi lile lilikuwa la mume wake. Kwao, ardhi ni ya yule ambaye wafu wake wamelala humo. Bamba lilipofunikwa na udongo, binamu wa mumewe, askari magereza, alidai shamba. Mbele ya baraza la kijiji wazee wawili walisema hivi, wawili wakasema vile, na picha ndiyo ikaamua; nakala moja akapewa yeye. Yeye na watoto wanne wakatoka na vyombo vyao, wakaja huku Jinja.

"Wewe unajua mambo ya picha. Angalia vizuri. Hii jina imeguswa?"

Nilichukua lenzi. Niliangalia kazi ya mikono yangu kwa muda mrefu, nikijifanya natafuta. Neno moja tu lingetosha. Nilifikiria yule askari, nikafikiria kibarua changu, nikafikiria jela. Nilikuwa mwoga, na sitaki kuupaka uoga ule rangi nyingine.

"Sioni kitu, mama."

Aliitazama picha tena. Kisha akauliza kama ningeweza kuandika jina la mumewe pale, ili watoto wawe na kitu cha kuangalia. Nikamwambia arudi kesho.

Hakukuwa na kazi ya kufanya. Picha ya asili, kama askari alivyoileta, ilikuwa bado kwenye kompyuta. Niliichapa jinsi ilivyo, bila kugusa hata nukta.

Kesho yake mama aliishika kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya jina, herufi baada ya herufi, mpaka zile ndogo za upande wa mbali. Machozi yakamtoka, naye akacheka.

"Mwanangu, Mungu amekupa mikono. Ni kama ile yenyewe kabisa." Akaiweka katika mfuko wake. "Lakini hii siwezi kupeleka kwa baraza. Wataona nimetengeneza uongo."

Nikamwambia ndiyo, mama, bora uiweke nyumbani tu.