Shahidi Aliyewekwa Akiba

Asmahani binti Mfaume alishona kofia miaka ishirini kabla hajasomea usaidizi wa kisheria, na mpaka leo akipewa hukumu huitazama kama fundi anayetafuta mshono uliofumuka. Tabora mjini wanamjua. Ukishindwa kesi ya shamba utaambiwa nenda mtaa wa Ng'ambo kwa Asmahani, lakini machozi yaache nyumbani, kwa sababu yeye anataka karatasi.

Anselm wa Kwihara alifika siku ya thelathini na moja tangu baraza la ardhi lilipompa jirani yake, Justus, shamba la ekari tatu lililokuwa likiwalisha watoto wake wanne. Siku za kukata rufaa ni arobaini na tano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa. Kaa."

Alikaa huku anatabasamu, jambo lililomuudhi Asmahani papo hapo.

"Usihofu mama, silaha yangu nimeificha. Ua wa minyaa unaozunguka shamba ulipandwa na marehemu baba pamoja na shangazi Josepha. Justus anadai kaupanda yeye. Nikasema shangazi nisimchoshe kule barazani, nimweke akiba, aje aseme Mahakama Kuu wanakosikiliza watu wazima."

"Shangazi ana miaka mingapi?"

"Themanini na mbili."

"Astaghfirullah! Mtu wa miaka themanini na mbili unamweka akiba kama mtama ghalani?"

Akamweleza bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa haianzi kesi upya. Inasoma kilichosemwa na kuandikwa kule chini, na shahidi mpya haruhusiwi ila kwa nadra sana. "Nguo imeshashonwa, baba. Jaji atakagua mishono. Kitambaa kipya hapokei."

Tabasamu lilimtoka Anselm. "Basi turudi kwa mwenyekiti yuleyule wa baraza afanye mapitio."

"Mapitio ni kumwomba aliyeamua aitazame hukumu yake mwenyewe. Ni mpaka iwe na kosa la wazi, lisilohitaji ubishi. Au uwe umepata ushahidi ambao wakati ule usingeupata hata kwa bidii. Wewe shangazi ulikuwa unakula naye ugali kila siku!"

"Lakini alimwamini mwongo!"

"Hilo ndilo la rufaa, na hata huko jaji atasita. Mwenyekiti aliwaona mkisema, jaji ataona maandishi tu."

Anselm akainamisha kichwa. Asmahani alimhurumia, ila hakumwambia, kwa kuwa huruma haina muhuri. Akauchukua mwenendo wa shauri, maandishi ya yote yaliyosemwa barazani, akasoma mchana kutwa. Ukurasa wa ishirini na saba ukamfanya apige meza.

"Hili swali ulimuuliza wewe?"

Anselm alikuwa amelisahau. Alimuuliza Justus alipohamia Kwihara alikuta nini, na Justus akajibu, "Nilikuta ua umeshakomaa." Hukumu nzima haikuligusa jibu hilo hata kwa neno moja.

"Hapa ndipo paliposhonwa vibaya. Si ushahidi mpya huu, umo humuhumu. Hii ni rufaa ya kwanza, jaji ana uwezo wa kuupima ushahidi wote upya."

Anselm alikuja na sababu nane za rufaa. Asmahani akafuta saba, matusi kwa Justus yakiwa miongoni mwake. Rufaa ikasajiliwa siku ya arobaini.

Siku ya kusikilizwa, Josepha alikuja na nguo zake za kanisani, akaketi nyuma na jicho lake moja zima, akingoja kuitwa. Jaji akamuuliza Anselm kama ana la kuongeza. Anselm aligeuka, akamtazama shangazi yake. Asmahani alishikwa na hofu. Yeye si wakili, hapo ndani hana ruhusa ya kusema. Anselm akamgeukia tena jaji.

"Mheshimiwa Jaji, naomba usome ukurasa wa ishirini na saba." Akaketi.

Baada ya wiki sita jaji alisoma hukumu: mtu hawezi kudai kapanda ua ambao yeye mwenyewe alikiri kuukuta umekomaa. Rufaa ikakubaliwa na shamba likarudi. Anselm alilia, na siku hiyo Asmahani hakudai machozi yaachwe nyumbani.

Jumapili akaenda Kwihara kuwapongeza. Josepha alikuwa amenuna kando ya minyaa.

"Mwangaluka, bibi," Asmahani alimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Mmeshinda bila mimi. Sasa mimi nitaulizwa lini?"

Asmahani akavuta kigoda, akafungua daftari. "Leo. Ua huu uliupandaje?"

"Kaka alikuwa anakata, mimi nachomeka. Siku ya pili utomvu ukanirukia jichoni. Tuliliosha kwa maji ya kisima, haikusaidia kitu."

Anselm, aliyekuwa akicheka na watoto wake, akawaacha akasogea. Tangu utoto alilelewa na shangazi mwenye jicho moja, na hakuwahi kumuuliza la pili lilipotelea wapi.