Kidonda Chini ya Ulimi

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, nilimwambia afungue mdomo na ainue ulimi, nami nikachungulia ndani. Nilikuwa natafuta vidonge. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika kliniki ya kifua mjini Machakos, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati tulipoagizwa kuwa mgonjwa wa kifua kikuu ameze dawa mbele ya macho yetu. Mimi sikuwa daktari kamili, nilikuwa afisa wa kliniki, lakini watu wote waliniita daktari nami sikuwasahihisha.

Mwanamke huyo nilimfahamu kabla hajaugua. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa nyanya kule milima ya Kathiani, na tuliabudu kanisa moja. Yeye aliongoza chama cha akina mama. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Alipoanza kukohoa, na nguo zikaanza kumning'inia, alihamia kwa binti yake hapa mjini ili awe karibu na kliniki. Alifika akiwa na furaha kidogo kwamba atatibiwa na mtu wa nyumbani.

Nilimpima makohozi mara tatu kama tulivyofundishwa. Hayakuonyesha wadudu wa kifua kikuu. Nikampa dawa ya kawaida ya kikohozi kibaya kwa siku kumi, haikusaidia. Picha ya kifua ilikuwa na mabaka kwenye ncha za juu za mapafu, pande zote mbili, na upande wa kulia kishimo kidogo. Mtu yeyote wa kazi yetu angesema hicho ni kifua kikuu ambacho makohozi yamekificha. Hilo hutokea, na si kosa kuanza matibabu. Alipimwa pia virusi vya ukimwi, mara mbili, na mara zote mbili hakuwa navyo. Kwenye kadi palikuwa na nafasi ya kuandika kazi ya mgonjwa. Niliandika "mkulima," kama nilivyowaandikia karibu wote, nikaendelea na aliyefuata.

Miezi mitatu ilipita. Wagonjwa walioanza pamoja naye walikuwa wameshanenepa, wengine wamerudi kazini. Yeye alizidi kupungua. Homa ilimpanda kila jioni. Nikakaa nikawaza, na wazo lililonijia ndilo ambalo humjia mtu wa kliniki ya kifua haraka kuliko mengine yote: kama dawa haifanyi kazi, basi mgonjwa hamezi.

Nilimwambia hivyo mbele ya benchi lililojaa watu.

"Nimemeza, daktari," alisema. "Si unaniona kila siku?"

"Nakuona ukiweka mdomoni. Tumboni sijui."

Watu walicheka. Mzee mmoja, mgonjwa wangu wa miaka mingi aliyependa kunifurahisha, alisema huyo mama anaficha dawa shavuni kama tumbili wa Kangundo na mahindi ya wenyewe. Benchi zima likacheka tena, na mimi nikatabasamu. Tangu siku hiyo nikawa namtaka ainue ulimi, ageuze shavu la kulia, ageuze la kushoto, kisha akohoe. Wengine sikuwafanyia hivyo.

Chini ya ulimi wake, upande wa kushoto, palikuwa na kidonda. Nilikiona siku ya kwanza kabisa. Kilikuwa kama punje ya harage, kingo zake zimeinuka na katikati pamechimbika. Kilikuwa pale juma lililofuata, na lililofuata, kikikua. Sikukiuliza. Nilichokuwa natafuta kilikuwa cheupe na kikubwa kama kidonge, na kwa kuwa hakikuwepo, nilisema "haya, funga" na kumwita mwingine. Moyoni nilijisemea kwamba labda vile vipimo vya virusi vimedanganya, na kidonda ni cha ukimwi. Namshukuru Mungu ambaye amenivumilia miaka yote hii, lakini lazima niandike kwamba wazo hilo liliniridhisha. Lilinifanya nisiwe na la kujiuliza.

Nikafanya jambo lingine. Nilimweleza mchungaji, kwa siri nilivyodhani, kwamba dada yetu anakataa dawa na anahatarisha wengine. Nilitaka amshauri. Baraza la wazee liliketi, nami nikiwemo, tukamwondoa kwenye uongozi wa akina mama hadi atakapotii. Hakuitwa kujitetea. Aliletewa habari na mwanamke aliyechukua nafasi yake, naye alimfikishia akiwa amesimama mlangoni, amefunika pua kwa leso.

Kisha nikamwanzishia matibabu ya kurudia. Haya yalikuwa na sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Juma la tano aliniambia masikio yanalia kama nyenje na akitembea ardhi inayumba. Nilijua maana yake. Sindano ile huharibu masikio, na kitabu chetu kilisema wazi kwamba mgonjwa akilalamika hivyo, isimamishwe. Nilimwambia angemeza vidonge vizuri tangu mwanzo asingefika kwenye sindano. Nikamdunga. Nilimdunga siku kumi na moja zaidi, mpaka asubuhi moja nilipomwita jina lake mara tatu na yeye akaendelea kutazama ukuta. Benchi lilidhani ana kiburi.

Kilichomwokoa ni jino. Kutafuna kulikuwa kunamuuma, akaamini ni jino, akavuka uwanja kwenda kwa daktari wa meno, msichana aliyekuwa ametumwa kwetu mwaka huo huo. Binti ya mgonjwa alinisimulia baadaye. Msichana yule alimwangalia mdomoni, akaacha koleo, akamwita "mwaitu," yaani mama kwa Kikamba, na kumuuliza kwa ishara kidonda hiki kina muda gani. Binti akajibu kwamba kina miezi.

"Na huko kliniki ya kifua wamesema ni nini?"

"Huko huwa wanaangalia tu kama kuna dawa."

Alikata kipande kidogo cha ukingo wa kidonda, akakitia kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhi, akakituma Nairobi. Majuma matatu baadaye alikuja chumbani kwangu na majibu mkononi, pamoja na daktari bingwa wa kifua aliyetutembelea mara moja kwa mwezi. Kwa rangi ya kawaida ya maabara nyama ile ilionyesha vinundu kama vya kifua kikuu. Niliposoma mstari huo nilisema, "Si nilisema?" Daktari bingwa aliniambia nisome mpaka chini. Rangi ya kutafuta wadudu wa kifua kikuu haikupata hata mmoja. Rangi nyingine, ile ya madini ya fedha ambayo hutumika kutafuta kuvu, ilionyesha vidude vidogo vya mviringo vimejazana ndani ya seli. Ugonjwa uliitwa histoplasmosisi. Nilikuwa nimeusikia chuoni, nusu ya somo moja, kama kitu cha nchi nyingine.

Daktari bingwa hakuniuliza mimi. Alimwita binti, aliyekuwa ameketi nje na mama yake, akamuuliza kama mama amewahi kuingia mahali penye popo, maana kuvu hiyo huota kwenye kinyesi chao. Binti hata hakufikiri. Mwaka uliotangulia, chama cha akina mama kilifagia ghala la zamani la kahawa lililofungwa tangu bei ilipoanguka. Popo walikuwa wamelala humo miaka mingi, na kinyesi chao kilifika magotini. Akina mama walikijaza magunia wakapeleka kwenye nyanya zao. Vumbi lilikuwa jingi mno. Baadaye nusu yao walikohoa juma moja au mawili kisha wakapona bila dawa.

"Huyu mbona hakupona?" niliuliza.

Daktari alimuuliza binti dawa ambazo mama hutumia nyumbani. Alikuwa na pumu, na kwa miaka alinunua dukani vidonge vya predinisoloni, akivimeza kila siku bila kupimwa na mtu. Vidonge hivyo hupunguza nguvu za mwili za kujikinga. Kuvu ambayo mwili wa jirani yake uliifunga kwenye kona ya pafu, kwake ilitembea mpaka kwenye ulimi. Picha ya kifua isingeweza kututenganishia magonjwa haya mawili, daktari alisema, hata yeye isingemsaidia. Lakini makohozi safi mara tatu, dawa isiyofanya kazi, kidonda cha mdomoni na swali moja la kazi vilitosha kumfanya mtu akate nyama.

Nikasema basi tumpe dawa ya kuvu, na tuendelee na za kifua kikuu pia, kwa usalama. Nilitaka kubaki na haki hata kidogo.

"Usalama wa nani?" aliniuliza. "Rifampisini yako ya kifua kikuu italifanya ini liunguze itrakonazoli, hiyo dawa ya kuvu, yote kabla haijafika kwenye damu. Utakuwa unampa chaki."

Dawa zangu zilisimamishwa siku hiyo. Binti alitafuta itrakonazoli Nairobi, na mama akaimeza nyumbani, baada ya chakula, bila mtu wa kumchungulia. Vile vidonge vya pumu alipunguziwa pole pole, akapewa ya kuvuta. Baada ya miezi miwili kidonda kilifunga. Baada ya mwaka alikuwa na mwili wake wa zamani. Masikio hayakurudi.

Nilimwendea mara moja, kwa binti yake, na daftari. Niliandika kwamba nilikosea na kwamba naomba msamaha. Alisoma kwa kidole, polepole. Kisha akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, mpaka majirani wakatokeza vichwa:

"Nilimeza zote. Andika hapo, nilimeza zote."

Niliandika. Alichana karatasi hiyo akaikunja akaiweka kifuani. Chai sikupewa.

Jumapili ya kutoa shukrani alikuja kanisani na kikapu cha nyanya. Alisimama akasema kwa sauti ile ile kwamba Mungu amemtoa kaburini, na hakusema zaidi. Mwenyekiti wa baraza aliona amemaliza haraka, akachukua kipaza sauti. Alisema tusisahau chombo ambacho Mungu alikitumia, mzee wetu, daktari wetu, aliyemtibu dada huyu kwa uvumilivu bila kumchoka. Akaniomba nisimame nionekane.

Nilikuwa nimepanga kuungama siku hiyo. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa koti, nimeiandika mara nne. Niliposimama kanisa zima lilipiga makofi, na nilingoja yaishe ili niseme. Yalidumu. Mwanamke wa benchi la nyuma yangu alinishika mkono akasema Mungu akuzidishie.

Mama mwenyewe hakusikia kitu. Aliona mikono ya watu ikigongana, akageuka kutazama anayepigiwa makofi ni nani, akaniona nimesimama. Nilikaa chini, karatasi bado imo mfukoni.

Aliinama akachukua kikapu chake, nyanya zote zikiwa bado ndani, akatoka nacho.