Kichekesho cha Wakwe Kilichogoma Kufutika

Msusi wa mtaani kwetu hana subira hata na nywele zilizosokotana. Mama mkwe wake alipoanza kumfuata mtandaoni, akakaa saluni kufuta vichekesho vya watu alivyowahi kusambaza. Kimoja, cha kuwakejeli wakwe, kiligoma. Kipo kwenye ukurasa wake, lakini alama ya kusambaza si ya kijani kama kwenye vingine alivyosambaza, kana kwamba hajawahi kukigusa. Sasa atengue usambazaji upi?

“Kisambaze upya, ndipo utengue,” akasema mteja aliyekuwa kitini.

Akakisambaza. Alama ikawa kijani, na papo hapo bando la intaneti likaisha kabla hajatengua.

“Simu gani hii jamani!” msusi akafoka.

Alipopata bando jingine akatengua, lakini ujumbe wa mama mkwe ulishaingia: “Kile cha zamani nilikiona, nikakusamehe. Na cha leo, mwanangu?”