Mwaliko Niliomtumia Mke Wake

Mimi napenda kanuni, na mtu akizivunja mbele yangu nagomba. Nasema mapema ili usidhani natafuta huruma. Siku ile kanuni nilizifuata zote.

Nilikuwa sekretari katika biro ya kazi za maji, Uvira. Asubuhi moja, mvua imetoka kukatika, akanipigia simu mtunza vifaa wa shantie yetu ya Makobola, kule walikokuwa wanachimba mtaro wa mabomba. Alikuwa analia. Ukuta wa mtaro ulikuwa umemwangukia shefu wa shantie, msimamizi wao. Walimfukua wakamtoa, lakini hapumui. Ambulansi ilikuwa imeitwa.

"Mama, shefu iko kimya tu," aliniambia. "Iko kimya!"

Nikampigia mkurugenzi, aliyekuwa njiani kutoka Sange. Akasema, "Ita mkutano wa dharura. Sasa hivi, usingoje muntu."

Mwaliko ulikuwa tayari kwenye mashine, nilikuwa nimeuandika mwenyewe zamani, na nilijivunia sana. Aksida kubwa kazini. Mkutano unaanza mara moja. Bonyeza lien hii ya kuingilia, weka code hii. Kama rezo ya simu ni mbaya, piga namba hii uingie kwa sauti. Jina la aliyeumia lisiandikwe. Wanaotakiwa bila kukosa: mkurugenzi, mkuu wa wafanyakazi, mkuu wa usalama, shefu wa shantie, muuguzi wa kazi. Wengine wasiingie, na mwaliko usipelekwe kwa mwingine.

Nilipofika kwenye shefu wa shantie nikamfuta, nikaweka mtunza vifaa. Mstari wa chini yake sikuuangalia. Nikatuma.

Wa kwanza kuingia alikuwa muuguzi, aliyekuwa mtaa wa Songo kumtembelea mfanyakazi mgonjwa. Jina lake lilitokea kwenye kioo, na ndipo nikakumbuka. Ee Mungu wangu! Muuguzi huyo alikuwa mke wa shefu wa shantie. Walikuwa wamekunywa chai pamoja asubuhi ile, kwenye veranda ya biro, mimi nikiwatania kwamba wanamaliza sukari ya watu.

"Minye niko," alisema. "Ni nani ameumia? Anapumua?"

Kwetu habari kama hiyo haipiti kwenye simu. Wanaenda wamama wawili watatu, wanakaa karibu nawe, wanakushika mikono, ndipo mmoja anasema. Minye nilikuwa nimemwita kwa lien na code. Kwenye mashine kulikuwa na kitufe cha kumtoa mtu mkutanoni, na kidole changu kilikuwa tayari juu yake.

Mtunza vifaa akaingia.

"Weye wa shantie, nijibu!" alisema muuguzi. "Anapumua?"

"Hapana, mama."

"Toa matope mdomoni. Mlaze chali, mahali pagumu. Weka mikono katikati ya kifua, finya kwa nguvu, haraka haraka, kifua kirudi juu kila mara. Ukifika thelathini, mpulizie pumzi mbili. Ukichoka, mwingine ashike. Na muntu asirudi mtaroni."

Tukawasikia wakihesabu. Nikatoa kidole. Nani mwingine angewaongoza? Mkuu wa usalama alikuwa ameingia, na mkuu wa wafanyakazi. Wote waliliona jina lake, wote wakazima sauti zao. Nilimwandikia mkurugenzi ujumbe asitamke kitu. Kumbe yeye aliingia kwa namba ya simu, rezo ya njiani ilikuwa mbaya. Hakuona ujumbe, wala hakuona nani yuko ndani.

Sauti yake ikaja ghafla juu ya zile hesabu, ya mtu mwenye huzuni na haraka.

"Nawasikia. Kitu cha kwanza ni familia. Ni shefu wetu wa shantie, bwana wa muuguzi wetu. Muntu asimwambie kwa simu, tafadhali. Mkuu wa wafanyakazi, chukua wamama wawili muende Songo, mkae naye kwanza, halafu..."

"Mkurugenzi!" nilipiga kelele. Nilikuwa nimechelewa.

Hesabu zilikatika kule Makobola. Nilijishika mdomo kwa mikono miwili. Niliona aibu ambayo mpaka leo inaniamsha nikiwa nimelala.

Halafu akasema muuguzi, polepole, "Niko hapa, mkurugenzi." Akavuta pumzi. "Nani amewaambia muache? Finyeni!"

Wakafinya. Alikuwa anawahesabia yeye mwenyewe sasa, moja mpaka thelathini, tena moja mpaka thelathini, na hakuna aliyethubutu kutoka mkutanoni. Hata wamama walipofika Songo na kumkalia pembeni, tuliwasikia wakimsalimia, naye hakuwaitikia, alihesabu. Ambulansi ilipofika, muuguzi wa ambulansi akampima, akaichukua simu ya mtunza vifaa na kumweleza mke, mtu wa kazi kwa mtu wa kazi.

Mke akauliza kama wamemwangalia mshipa wa shingo. Akajibiwa wamemwangalia mara mbili, haupigi.

"Basi inatosha," alisema. "Mumfute matope usoni. Nakuja."

Akatoka mkutanoni mwenyewe.