Pakiti ya Usiku, Safari ya Mchana

Mama Subira, mwenye duka hapa Kasongo, hauzi taulo za kike bila kwanza kujaribu moja kwa maji. Asubuhi hiyo alikuja Falonne, mwalimu, akiwa katika siku zake na pikipiki ikimsubiri kwa safari ya kutwa hadi Salamabila. Mara ya mwisho alifika huko amechubuka, akitembea kama bata.

"Nipe za pamba, mama. Zile za nailoni zinaniwasha."

Subira aliimwagia maji taulo ya pamba, akaikandamiza kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikalowa.

"Hii haikufikishi hata Wamaza, hapo njiani. Chukua ndugu yake: pamba ileile, lakini ndefu na inakunywa zaidi." Akaijaribu, kitambaa kikabaki kikavu.

"Lakini imeandikwa ya usiku! Mimi ninaenda mchana."

"Pikipiki iko inasoma?"

Falonne alicheka, akaisugua kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko kuona kama itamwasha. Laini.

"Na ubadilishe njiani, mwanangu. Usingoje ijae."

Jioni simu ya Subira ililia. "Mama, nimefika. Nguo safi, na ninatembea kama mutu!"